Maneno ya Ukumbini Yatiwapo Kitabuni



Wazee wetu walikuwa na makasha, na ndani ya kasha mlikuwa na barua. Barua ilitoka Lamu ikaenda Unguja, ikatoka Maskati ikaja Mombasa, na aliyeipokea aliikunja akaiweka pamoja na hati za nyumba. Siku hizi jamaa hatuandikiani barua. Twazungumza kwenye kundi la simu, asubuhi na jioni, kwa maneno mafupi mafupi, na hayo ndiyo yatakayokuwa barua zetu kwa wajukuu, iwapo yatadumu. Lakini barua ya kasha iliandikwa na mmoja ikasomwa na mmoja, ilhali mazungumzo ya kundi yamesemwa na watu tisa juu ya watu arubaini. Mwenye kuyatia kitabuni huwa ameshika amana za watu wengi kwa mkono mmoja. Nataka kukueleza namna kazi hiyo ifanywavyo, kwani nimeifanya kwa jamaa yangu, na sehemu iliyo kubwa haikuwa kuchapa, bali kujua la kuacha.

Kundi letu lilifunguliwa mwaka 2014, na ndani yake mna mama yangu, ndugu zangu, ami yangu aliyeko Unguja, ndugu yetu aliyeko Maskati, na shangazi yetu aliyefariki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya kufariki kwake ndipo mama aliponambia, "Mwanangu, nitolee maneno ya wifi yangu niyashike mkononi. Simu hii siku moja itaanguka kisimani." Basi nikaanza.

Kuyatoa maneno kwenye simu si kazi ngumu. Katika WhatsApp, kwa simu nyingi, hufungua kundi, ukagusa vidoto vitatu vya juu, kisha `More`, kisha `Export chat`. Utaulizwa kama wataka pamoja na picha na sauti au bila yake. Ukichagua `Without media` utapata faili ya maandishi matupu, na kila ujumbe una tarehe, saa, jina na maneno, kama hivi:

```
12/05/2019, 18:52 - Shangazi: Nani kachukua sahani yangu ya maua?
12/05/2019, 18:53 - Ndugu: Si mimi, niko Maskati
12/05/2019, 18:55 - Mama: Imo kwangu. Imekuja na sambusa itarudi na kaimati
```

Hapo, ndugu msomaji, pana mambo matatu ya kuangaliwa kabla hujafurahi.

La kwanza ni kwamba faili hiyo huenda si nzima. WhatsApp hutoa jumbe 40,000 za mwisho ukiacha picha, na 10,000 za mwisho ukizitaka picha na sauti. Kundi letu lilikuwa na zaidi ya hizo. Namna ya kujua ni rahisi: tazama tarehe ya mstari wa kwanza. Kundi lilizaliwa 2014, na faili yetu ilianza katikati ya 2017. Miaka mitatu ya mwanzo haikupotea, imo simuni, ila haikutoka. Ilibidi niitafute simuni kwa tarehe, nichague jumbe kadhaa kwa pamoja, nizinakili, nizibandike kwenye kompyuta, idi baada ya idi, harusi baada ya harusi. Ukinisikiliza, utatoa faili ya kundi lako mara moja kila mwaka, kabla hazijafika elfu arubaini, na kazi hii haitakukuta.

La pili ni tarehe. Simu huandika tarehe kwa mpangilio uliowekwa na mwenyewe, na zipo simu zitangulizazo mwezi mbele ya siku. Basi 12/05 yaweza kuwa tarehe kumi na mbili Mei au tano Disemba. Tafuta katika faili mahali penye nambari ipitayo kumi na mbili, utajua ipi ni siku. Na sisi tuna mizani nyingine. Tazama maneno ya sahani hapo juu. Ni saa moja kasoro, magharibi imekwisha adhiniwa Mombasa, na nyumba zapelekeana sambusa na kaimati. Hiyo ni Ramadhani, na Ramadhani ya 2019 ilianza mapema mwezi wa Mei. Kwa hivyo ni tarehe kumi na mbili Mei, hapana shaka.

La tatu ndilo liharibulo vitabu vingi. Simuni, mtu akijibu ujumbe wa zamani, ule ujumbe huonekana juu ya jibu lake. Katika faili hauonekani. Yabaki majibu yanayoelea. "Ndiyo." "Haiwezekani." "Mwambie asije." Ukiyachapa hivyo, msomaji atayaunganisha na mstari ulio juu yake, na mstari ulio juu yake huenda ni wa jambo jingine kabisa. Nimeona mtu anaulizwa kama apikiwe biriani, na jibu lililofuata ni "Haramu kabisa," ambalo lilikuwa jibu la swali la jana yake juu ya bahati nasibu. Kwa hiyo faili isisomwe peke yake. Iwekwe upande mmoja na simu upande wa pili.

Ama sauti, hizo ni habari nyingine. Shangazi yetu hakupenda kuandika. Macho yalimsumbua, akapendelea kusema. Faili ya maandishi haikuwa na sauti zake, ila alama ya `<Media omitted>` kila aliponena. Sauti zenyewe zimo katika simu, ndani ya mkoba uitwao `WhatsApp Voice Notes`, na kila moja ina tarehe katika jina lake. Nilizisikiliza moja moja na kuziandika kwa mkono wangu, kwa lafudhi yake ya Kimvita kama alivyoitamka, bila kuinyoosha iwe Kiswahili cha shuleni. Aliposema "nalikwenda" sikuandika "nilienda". Kitabu hiki wajukuu watakisoma ili wamsikie yeye, hawatakisoma kujifunza sarufi.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Karatasi ya A5, ambayo ni nusu ya karatasi ya kawaida ya ofisini, hubeba jumbe fupi ishirini hivi, na zikisongamana sana ishirini na tano. Jumbe 40,000 zingekuwa kurasa elfu moja na mia sita kwa uchache. Hakuna atakayekisoma kitabu hicho, na fundi wa kujalidi atakucheka. Sisi tuliazimia kurasa 160, kwa sababu vitabu vya kushonwa uzi hukunjwa kwa mafungu, na fungu la kurasa kumi na sita ni la kawaida. Mafungu kumi yakatosha. Hesabu hiyo yaacha nafasi ya jumbe elfu tatu na mia mbili, yaani moja kwa kila kumi na mbili au kumi na tatu.

Nyingi zaondoka zenyewe bila kuulizwa. Zaondoka salamu za kila asubuhi, dua zilizonakiliwa kutoka kwa watu wengine, matangazo ya "mtumie watu kumi", na mistari ya nani kaongezwa kundini na nani katoka. Baada ya hapo, usichague ujumbe mmoja mmoja kama achaguaye mchele. Chagua kikao kizima. Tafuta mahali mazungumzo yalipoanza na mahali yalipoishia, ukichukue chote au ukiache chote. Sahani ya maua ni kikao cha jumbe tatu, na kinatosha. Ukimchukua shangazi peke yake na swali lake, huna kitu. Kichekesho kiko katika jibu la ndugu aliyeko Maskati.

Vikao nilivyovipenda niliviandika katika daftari, kisha kila kimoja nikakitia katika fungu moja kati ya matatu. Fungu la kwanza ni la yale ambayo yangesemwa hata mgeni akiwa ukumbini. La pili ni la yale yanayohitaji ruhusa ya mtu. La tatu ni la yale yanayofungwa wala hayaombewi ruhusa, kwa sababu kuomba kwenyewe ni kuyafufua.

Wengi hudhani siri ni nambari, nao hawakukosea sana. Za nambari ndizo nyepesi kuzipata. Fungua faili katika kompyuta, bonyeza `Ctrl` na `F`, utafute `07`, `+254`, `+255`, `+968`, kisha neno "akaunti", "paspoti", "kitambulisho", "PIN". Utashangaa. Katika faili yetu kulikuwa na jumbe za M-Pesa zilizonakiliwa nzima, zenye jina la mtu, nambari yake na salio lililobaki. Kulikuwa na majina ambayo simu yangu haikuyajua, basi faili ikaandika nambari badala ya jina. Zote hizo zafutwa, hata katika kikao kizuri kupita vyote.

Lakini siri kubwa hazina nambari. Nitakupa mfano, na mfano huu nimeutunga, si wa mtu wa kwetu wala wa kwenu. Mwanamke mchanga ameandika kundini kwamba mimba imeharibika. Mwenye kutengeneza kitabu ni mtu mwenye haya, ameufuta ujumbe ule. Lakini chini yake ameacha jumbe tatu:

```
Mama: Innaa lillaahi. Subira mwanangu
Ami: Mungu atakupeni mwingine
Dada: Nakuja kesho nilale nawe
```

Je, amesitiri nini? Hakusitiri kitu. Majibu ni kivuli cha ujumbe, na kivuli chaonyesha umbo la mwenyewe. Tena huenda mwaka wa pili yake kuna ujumbe wa furaha usemao, "Alhamdulillah, safari hii amefika salama." Neno "safari hii" lafichua safari iliyopita. Ukitaka kuondoa jambo, hapana budi ulifuate mbele na nyuma. Ondoa kikao chote, kisha utafute jina la mhusika katika miezi sita baada yake, usome kila palipo jina hilo. Na usidhani kubadilisha jina kutakusaidia. Katika kitabu kitakachosomwa na umma, jina la kubandika humficha mtu. Katika kitabu cha jamaa tisa, ukiandika "mmoja wetu aliyeko Maskati", na aliyeko Maskati ni mmoja tu, umemtaja kwa jina na ukoo.

Sasa, ruhusa ni ya nani? Hapa ndipo tulipobishana sana nyumbani. Kaka yangu alisema, aliyeandika ujumbe ndiye mwenye ujumbe, akikubali yatosha. Mama akamjibu, "Mimi nikisema kundini kwamba mtoto wako anakojoa kitandani, maneno ni yangu lakini aibu ni ya nani?" Kaka akanyamaza, kwani mtoto huyo mwaka 2016 alikuwa na miaka sita, na leo ana ndevu zinaota. Basi tukakubaliana kwamba kila kikao kina wenyewe wa namna mbili, msemaji na msemwaji, na wote wawili waulizwe, hata aliyekuwa mtoto wakati ule. Mafunzo tuliyolelewa nayo husema kikao ni amana, na Surat Hujurat imekataza kupeleleza na kusengenya. Hapakusemwa kwamba katazo hilo lakoma mtu akiwa ndugu yako.

Namna tuliyofuata ni hii. Sikumpa mtu yeyote kitabu kizima akisome, kwani kufanya hivyo ni kuwaonyesha wote yale ambayo mmoja huenda akayakataa. Nilichapa kwa kila mtu karatasi zake tu, vikao alivyosema au alivyosemwa, nikazitia katika bahasha nikampelekea. Aliyeko Maskati na aliyeko Unguja nilizungumza nao kwa simu, nikiwasomea. Kila mmoja alikuwa na wiki mbili, na kalamu nyekundu. Aliyekata mstari hakuulizwa sababu, kwa maana sababu yenyewe huwa ndiyo siri. Na aliyekaa kimya hakuhesabiwa kuwa amekubali, nilimwendea. Ami yangu alikata vikao vinne, na kimoja mimi nilikuwa nakipenda kuliko vyote. Kilikatika.

Jambo jingine lafaa ulijue. Tangu Aprili 2025 WhatsApp imeweka kinga iitwayo `Advanced chat privacy`, na ikiwa imewashwa kundini, `Export chat` hukataa. Ukikuta hivyo, usitafute ujanja wa kupenyea, wala usianze kupiga picha kioo cha simu. Kuna mtu kundini aliyewasha, na kwa kuwasha huko amesema neno. Muulize kwanza. Vilevile palipoandikwa `This message was deleted`, hata ukiwa wakumbuka kilichokuwapo, usikiandike. Mwenyewe alikwisha kukichukua.

Wabaki wafu, ambao hawana kalamu nyekundu. Warithi wa shangazi ni wanawe, nao walinipa ruhusa, lakini nilitambua kuwa mrithi hurithi mali, hakurithi siri. Tukaweka kipimo. Lile alilolisema mbele ya kundi zima tuliliangalia kama maneno ya aliye hai. Lile alilomwambia mtu mmoja pembeni lilibaki pembeni. Nina sauti zake kumi na moja alizonitumia mimi peke yangu katika mwaka wake wa mwisho, na moja aliianza kwa kusema, "Funga mlango kwanza." Hata moja haimo kitabuni.

Ilikuweko pia sauti moja ya kundini, ya mwezi wa Novemba 2020, nami naieleza hapa kwa idhini ya wanawe. Katikati ya maneno ya kuuliza bei ya samaki, shangazi alisema kwamba ana deni la shilingi elfu kumi na nane kwa mwenye duka la vitambaa, na akijaaliwa atalimaliza mwezi ujao. Hakuna aliyejibu, wote walijibu habari ya samaki. Nilipoisikia, shangazi alikuwa kaburini miaka miwili. Nikaacha kitabu siku ile, nikampelekea mwanawe mkubwa sauti ile. Akaenda dukani, akakuta deni limo daftarini, elfu sita zimelipwa na elfu kumi na mbili zimebaki, na mwenye duka alikuwa akiona haya kuwaambia wafiwa. Likalipwa siku hiyo hiyo. Katika kitabu hutaona deni wala samaki. Basi ukikuta katika maneno ya marehemu deni, wasia au amana ya mtu, elewa kwamba hilo halimo katika mafungu yangu matatu. Hilo lapelekwa kwa warithi, leo, si siku ya kuchapa.

Kaka yangu alitaka pia ugomvi wetu wa 2018 juu ya nyumba ya marehemu babu uingie. Alisema kitabu kisicho na ugomvi ni kitabu cha uongo. Hoja yake ilikuwa na uzito, na kweli wajukuu wasije wakadhani sisi tulikuwa malaika. Lakini tulipousoma upya, tuliona kila mmoja amesema neno ambalo alikwisha kuliombea msamaha, na msamaha ulifanywa ana kwa ana, si kundini. Katika faili mlikuwa na majeraha yote bila dawa hata moja. Kuyachapa vile ndiko kungekuwa uongo. Mwisho tukaandika mstari mmoja, ambao wote tisa, pamoja na wana wa marehemu, waliukubali: kwamba mwaka ule tulisigana juu ya nyumba, tukapatana kabla ya Idi. Kaka aliridhika, ijapokuwa si kwa moyo wote.

Na palipokatwa, tusiweke nukta nukta. Nukta tatu baada ya jina la mtu ni kidole kinachomnyoshea: hapa pana jambo. Sisi tuliandika katika utangulizi kwamba mengi yameondolewa katika kila mwaka na kutoka kwa kila mtu, na kweli yaliondolewa kwa kila mtu, hata mama. Basi hakuna pengo linalomsema mmoja.

Kisha kuchapa. Usimpe mchapaji ile faili ya maandishi, wala usimtumie kitabu kwa simu, kwani nakala itabaki katika simu ya duka. Peleka faili ya PDF iliyokamilika, ndani ya flashi, ukae hapo. Kabla ya kuondoka nyumbani, ijaribu. Chagua maneno yote kwa `Ctrl` na `A`, uyanakili, uyabandike katika ukurasa mtupu. Nasema hivi kwa sababu watu huficha jina kwa kuchora mstari mweusi juu yake, wakadhani limefutika. Mstari mweusi ni pazia tu. Ukinakili na kubandika, jina hutoka nyuma ya pazia zima kama lilivyo. Jina lifutwe katika maandishi yenyewe. Katika jaribio hilo utaona pia vile vijiuso vya kucheka na kulia kama vimegeuka kuwa vijisanduku; herufi nyingi za kuchapia hazina vijiuso hivyo, nasi tuliviondoa, tukaacha vichache tu mahali ambapo kijiuso ndicho kilichokuwa jibu.

Picha zina mambo mawili. Moja ni ubora. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida aghlabu hupunguzwa ikawa na nukta kama 1,600 kwa upande mrefu, nayo yachapika vizuri kwa upana wa sentimita kumi na tatu hivi. Kwa ukurasa wa A5 yatosha. Usiilazimishe ijaze kurasa mbili. La pili ni macho ya watu. Picha za kinamama zilizopigwa ndani, harusini au siku ya kesha la hina, zilitumwa kwa watu wa nyumbani, hazikutumwa kwa kijana wa duka la chapa. Sisi tuliacha nafasi tupu zenye mpaka mwembamba katika kurasa kumi na mbili, na baadaye kila mwanamke akabandika picha yake kwa gundi katika nakala yake, akipenda. Nakala ya mama ina picha zote. Nakala ya ami haina hata moja, na kitabu chake hakikupungua kitu.

Tulichapa nakala tisa, na nyuma ya kila moja pana nambari, ya kwanza hadi ya tisa, na jina la mwenyewe. Hatukuchapa ya akiba. Karatasi zilizoharibika tulizichukua tukazichoma nyumbani. Nilimwomba mchapaji afute faili mbele yangu, na kapu la takataka la kompyuta nalo likamwagwa. Alifanya kwa uso mkunjufu, kwani nilimwambia mapema kabla ya kulipa, si baada ya kazi kwisha.

Na ile faili ya kwanza, yenye kila kitu? Hiyo ndiyo ya hatari kuliko kitabu. Ndani ya WhatsApp maneno yana kinga yake, lakini yakishatolewa huwa maandishi matupu, asomaye yeyote asome. Mimi nilijitumia kwa barua pepe ili niifungue katika kompyuta, basi kulikuwa na nakala katika zilizotumwa, katika zilizopokelewa, katika mkoba wa `Downloads`, na katika flashi. Nne kwa faili moja. Kitabu kilipokwisha nilizifuta zote na kumwaga makapu yake, nikabakisha moja tu yenye neno la siri, anayolijua mama na mimi. Akifa mmoja wetu, aliyebaki ataamua.

Ndugu msomaji, ukianza kazi hii, anza na karatasi za bahasha kabla ya kuchagua rangi ya jalada. Jalada letu ni la kitambaa cha kijani, halina maandishi, kwa hivyo mgeni akikiona rafuni hadhani ni kitabu cha kusomwa. Mama hukifungua usiku baada ya isha. Ukurasa wa sahani ya maua umeanza kuchakaa pembeni, na sahani yenyewe, kwa taarifa yako, iko bado nyumbani kwetu.

Wabillahi tawfiq.